Nimepewa 2 kwenye tathmini, bosi kaandika "ripoti nyingi zilichelewa". Nina imeili zangu zote. Nijibuje kwa maandishi bila kuharibu?

Daftari la Jioni (#1)
Wakuu, habarini. Tathmini yangu ya mwaka imetoka jana na nimekaa nayo usiku kucha.

Nina malengo matatu. Ripoti za mwezi zina uzito wa asilimia 40, nimepewa 2 kati ya 5. Kuhakiki stoo asilimia 30, nimepata 4, sina neno. Ushirikiano asilimia 30, nimepewa 2. Jumla inakuja 2.6, na kwetu ukiwa chini ya 3.0 unawekwa kwenye mpango wa kuboresha utendaji na nyongeza ya mshahara huioni.

Kwenye ripoti bosi kaandika maneno matatu tu: "Ripoti nyingi zilichelewa." Kwenye ushirikiano: "Hashirikiani vya kutosha na wenzake." Basi, hakuna mfano wala tarehe.

Ripoti zilikuwa 12, mwisho wa kutuma ni tarehe 5 ya kila mwezi. Nimehesabu kwenye imeili zangu, 9 zilitoka kwa wakati. Fomu ina nafasi ya maoni ya mfanyakazi, mistari minne. Nimepewa siku 5 za kazi kurudisha. Naanzia wapi?

Nyuki Mkali (#2)
Usisaini! Ukisaini umekubali kila kitu, biashara imekwisha hapo. Waambie warekebishe kwanza ndipo usaini.

Mzee wa Pembeni (#3)
Pole sana. Barua ya onyo lazima uijibu ndani ya muda na uombe kuwa na shahidi kwenye kikao. Mimi nilipewa onyo la kwanza kwa kuchelewa kazini, nikaja na dereva wa ofisi kama shahidi, likafutwa.

Daftari la Jioni (#4)
#3 mzee, sijapewa onyo. Ni tathmini ya mwaka.

Mzee wa Pembeni (#5)
Aaah, nimesoma haraka. Ila dereva alinisaidia kweli.

Karani Mstaafu (#6)
#2, hapo umepatia nusu. Kabla ya kusaini, asome maneno yaliyo juu ya mstari wa saini. Fomu nyingi huandika kwamba saini inathibitisha mfanyakazi ameiona tathmini na imejadiliwa naye. Hiyo si kukubali. Zipo chache zinazoandika "nakubaliana na alama hizi", na hizo ndizo za kuogopa. Nimekaa masjala ya utumishi miaka mingi. Aliyekataa kusaini, msimamizi aliandika "amekataa kusaini", akaita mtu mmoja ashuhudie, fomu ikaingia kwenye faili vilevile. Tofauti ni kwamba faili likawa na kukataa kwake tu, bila hoja hata moja.

Mleta uzi, pembeni ya saini andika kwa kalamu: "Nimeipokea tarehe fulani. Sikubaliani na alama za lengo la 1 na la 3. Maelezo yangu yameambatishwa, kurasa 2." Ile idadi ya kurasa usiiache. Karatasi ikichomoka kwenye faili, fomu yenyewe itasema kuna kitu kimepungua.

Nyuki Mkali (#7)
Kwetu mtu alisaini na kuandika hivyohivyo, kwenye kikao cha rufaa akaambiwa "saini yako hii hapa". Kwa hiyo sijui mzee.

Karani Mstaafu (#8)
Alibaki na nakala?

Nyuki Mkali (#9)
Hakubaki nayo.

Karani Mstaafu (#10)
Haya.

Kiazi Kitamu (#11)
Hiyo "Haya" imenichoma mimi niliye mbali 😂

Bosi Mdogo (#12)
Naongea kama mtu anayejaza fomu hizi kila mwaka, msinirushie mawe. Kabla ya kuandika chochote, tafuta bosi wako alihesabia wapi. Mimi nikikaa kujaza fomu za watu kumi na wanne sifungui imeili za kila mmoja. Nafungua folda ya pamoja, naangalia tarehe za mafaili, nashuka na safu. Mleta uzi, mnaweka ripoti kwenye folda ya pamoja? Zikipelekwa halafu zikarekebishwa, mnahifadhi juu ya faili lilelile?

Daftari la Jioni (#13)
Ndiyo, faili lilelile. Ngoja nikaangalie.

Jicho la Tatu (#14)
Folda folda... Huyo bosi anajua anachofanya. Kuna bajeti ya nyongeza, lazima watu kadhaa waangukie chini ya 3.0. Wanaambiwa kabisa kutoka juu kwamba kila idara itoe wawili. Wewe ni mmoja wa wawili. Andika barua hata ya kurasa mia, hesabu imeshafungwa.

Mpole wa Zamu (#15)
Mimi naona ni kusahau tu. Alikumbuka miezi ya mwisho. Dada, ile uliyochelewa sana ilikuwa ya lini?

Daftari la Jioni (#16)
Wakuu, #12 amenifungua macho. Nimefungua folda. Safu ya `Date modified` inaonyesha mafaili 6 yamevuka tarehe 5. Imeili zinaonyesha 3. Tofauti ni ripoti za Februari, Aprili na Julai. Zote nilituma kabla ya tarehe 5, halafu bosi mwenyewe akaomba niongeze jedwali au nibadilishe mpangilio. Ile ya Februari nilituma tarehe 4 Machi, akaniomba marekebisho tarehe 10, nikahifadhi tarehe 11. Folda inasema 11.

#15, ya Novemba ndiyo iliyochelewa sana, nilituma tarehe 9 Desemba. Na ndiyo, tathmini imejazwa Januari.

Mpole wa Zamu (#17)
Si nilisema. Desemba imemkaa kichwani.

Bosi Mdogo (#18)
Yote mawili yanawezekana. Lakini 6 kati ya 12 ni nusu. Fomu yenu inasemaje kuhusu kila alama?

Daftari la Jioni (#19)
Alama 2 ni asilimia 50 hadi 74 kwa wakati. Alama 3 ni 75 hadi 89. Alama 4 ni 90 kwenda juu.

Bosi Mdogo (#20)
Basi hakukuonea. Kwa folda, 6 kati ya 12 ni asilimia 50, alama 2 kamili. Kwa imeili, 9 kati ya 12 ni asilimia 75, alama 3. Kila mmoja yuko sahihi kwa chombo alichotazama. Barua yako sasa haina haja ya kusema bosi ni mwongo. Inasema tu tarehe ya kuhesabia ni ipi, ya kupokelewa mara ya kwanza au ya kuhifadhiwa mara ya mwisho.

Jicho la Tatu (#21)
Bahati mbaya kubwa hii, folda ikaangukia palepale bajeti ilipotaka.

Kalamu Nyekundu (#22)
Mimi ninge­dai 4, si 3. Hizo tatu zilizochelewa zilichelewa kwa nini?

Daftari la Jioni (#23)
Ya Mei: stoo walileta takwimu tarehe 7 Juni, nikatuma tarehe 8. Ya Agosti: walileta tarehe 6 Septemba asubuhi, nikatuma jioni hiyohiyo. Ya Novemba ni uzembe wangu, sitajificha.

Kalamu Nyekundu (#24)
Umeona? Mbili si zako. Zihesabu kama za wakati, unapata 11 kati ya 12, karibu asilimia 92. Hata ukizitoa kabisa kwenye hesabu, 9 kati ya 10 ni 90. Alama 4 njia zote mbili. Jumla yako inaruka hadi 3.4.

Karani Mstaafu (#25)
Taratibu. Kabla tarehe 5 haijafika, ulimtaarifu bosi kwamba takwimu hazijaja?

Daftari la Jioni (#26)
Ya Mei ndiyo, nilimwandikia tarehe 4 Juni. Ya Agosti sikuandika, nilimwambia mdomoni kwenye ngazi.

Kiazi Kitamu (#27)
Ngazi haina kumbukumbu 😅

Karani Mstaafu (#28)
Basi mimi ningepanga hivi. Tisa zina ushahidi usio na ubishi. Ya Mei ina imeili ya tarehe 4 na imeili ya stoo ya tarehe 7, inatetewa. Hapo ni 10 kati ya 12, asilimia 83, bado ni alama 3. Ya Agosti unaweza kuonyesha stoo walichelewa, ila atakuuliza kwa nini hukutoa taarifa, na huna karatasi. Ukidai 4, hoja yako nzima inaegemea ripoti ya Agosti, ile dhaifu kuliko zote. Akiibomoa hiyo, msomaji ataanza kutilia shaka na zile tisa.

Halafu angalia jumla. Ripoti zikiwa 3, unapata 1.2 + 1.2 + 0.6, ambayo ni 3.0. Umetoka kwenye mpango wa kuboresha utendaji. Ushirikiano ukipanda peke yake hadi 3, unapata 0.8 + 1.2 + 0.9, yaani 2.9, bado uko ndani. Kwa hiyo uzito wa barua uwe kwenye ripoti. Ushirikiano upewe aya moja fupi.

Kalamu Nyekundu (#29)
Mzee, sikubaliani. Ukiomba 3 watakupa 2 na nusu. Sokoni hutaji bei unayotaka kulipwa.

Bosi Mdogo (#30)
Hapa si sokoni ndugu. Anayesoma rufaa anapiga hesabu na kalkuleta. Ila nakubali kitu kimoja: ya Agosti aitaje, asiifiche. Aseme takwimu zilifika tarehe 6, aambatishe imeili ya stoo, awaachie waamue.

Chumvi ya Mwisho (#31)
Naomba kuuliza na mimi, kwani mnachapisha imeili au mnatuma kama zilivyo? Mimi mwaka ule niliambatisha skrinshoti 46. Nilizikata vizuri nikazungushia duara jekundu. Jibu lilikuja siku ya tatu: "Tumepokea." Mpaka leo sijui kama kuna mtu alifungua.

Kiazi Kitamu (#32)
Alifungua, akaona duara la kwanza, akafunga.

Karani Mstaafu (#33)
#31, skrinshoti iliyokatwa ina shida. Haionyeshi nani alitumiwa, na mara nyingi saa inakatika. Imeili nzima iliyohifadhiwa kama faili inabaki na tarehe, saa na majina ya waliopokea. Kwa mleta uzi, hata imeili kumi na mbili ni nyingi kwa msomaji. Tengeneza jedwali moja la mistari 12 lenye safu nne: ripoti ya mwezi gani, tarehe iliyotumwa mara ya kwanza, tarehe inayoonekana kwenye folda, na sababu ya tofauti kama ipo. Hilo liwe kiambatisho cha kwanza. Imeili zifuate nyuma, kila moja na namba inayolingana na mstari wake. Msomaji ataangalia jedwali, atachomoa mbili tatu kujaribu kama unasema kweli, ataridhika.

Zile tatu zilizorekebishwa ndizo za kushughulikia zaidi. Kila moja iwe na imeili mbili: yako ya kwanza, na yake ya kuomba marekebisho. Ile ya kuomba marekebisho ndiyo yenye nguvu, maana hawezi kuomba urekebishe ripoti ambayo hajaipokea.

Mpole wa Zamu (#34)
Na kwenye folda kuna `Version history`. Inaonyesha toleo la kwanza lilihifadhiwa lini. Lakini angalia, sehemu nyingine matoleo ya zamani yanafutwa yenyewe baada ya muda, kwa hiyo usisubiri siku ya tano.

Nyuki Mkali (#35)
Jitumie zote kwenye imeili yako binafsi usiku huu, kabla hawajakufungia akaunti.

Bosi Mdogo (#36)
HAPANA. #35 utamfukuzisha dada wa watu. Kupeleka nyaraka za ofisi kwenye imeili binafsi ni kosa la kinidhamu sehemu nyingi, na ripoti za stoo zina majina ya wauzaji na bei. Anakuja kulalamikia alama 2, anaondoka na kesi ya kuvujisha taarifa. Aambatishe ndani ya mfumo wa ofisi, apeleke kwa bosi na utumishi kwa pamoja. Hapo nakala inakuwa mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuifuta. Cha kubaki nacho nyumbani ni barua yake mwenyewe na fomu yake, kama taratibu zao zinaruhusu.

Nyuki Mkali (#37)
Na wakimfungia akaunti kweli?

Bosi Mdogo (#38)
Ndiyo maana nikasema utumishi wapewe nakala. Lakini sawa, hatari ipo, siwezi kusema haipo.

Daftari la Jioni (#39)
Nimeandika rasimu ya kwanza. Msinicheke:

"Nimesikitishwa sana na tathmini hii isiyo ya haki ambayo inaonyesha wazi chuki binafsi ya msimamizi. Nimejitolea kwa moyo wote, hata kubaki ofisini usiku, wakati wengine wenye ripoti mbovu kuliko zangu wamepewa 4. Madai kwamba ripoti nyingi zilichelewa ni uongo mtupu."

Kiazi Kitamu (#40)
Tamu sana kusoma. Tuma kwa dada yako.

Karani Mstaafu (#41)
Hii iweke kwenye droo. "Chuki" huna karatasi ya kuithibitisha. "Wengine wamepewa 4" maana yake umeona fomu za wenzako, utaulizwa umezionaje. Kubaki ofisini usiku hakujibu swali la tarehe 5. Na "uongo" haupo, #12 ameshatuonyesha namba ilikotoka. Kinachobaki ni neno moja, "ripoti". Jaribu hivi:

"Fomu inasema ripoti nyingi zilichelewa. Kumbukumbu za imeili zinaonyesha ripoti 9 kati ya 12 zilitumwa tarehe 5 au kabla (Kiambatisho 1). Tofauti na folda ya pamoja inatokana na ripoti za Februari, Aprili na Julai, ambazo zilihifadhiwa upya baada ya kuombwa marekebisho (Viambatisho 2 hadi 4). Ripoti tatu zilichelewa. Ya Mei na ya Agosti zilisubiri takwimu zilizofika baada ya tarehe 5 (Kiambatisho 5). Ya Novemba ilichelewa siku 4 kwa sababu yangu. Kwa kiwango kilichoandikwa kwenye fomu, asilimia 75 ni alama 3. Naomba alama ya lengo hili ipitiwe upya."

Jicho la Tatu (#42)
Yaani ajishtaki mwenyewe Novemba? Wataishika hiyohiyo.

Bosi Mdogo (#43)
Wanayo tayari, tarehe 9 ipo kwenye folda. Mimi nikisoma barua ambayo mtu ana haki kwenye kila mstari, naanza kutafuta mstari aliodanganya. Akikubali mmoja, naamini iliyobaki.

Jicho la Tatu (#44)
Wewe bosi mzuri. Wapo wengine.

Chumvi ya Mwisho (#45)
Na ule ushirikiano je? Aambatishe imeili za "asante" kutoka kwa wenzake? Mimi ninazo nyingi tu.

Kalamu Nyekundu (#46)
Aweke. Maoni hupigwa kwa maoni.

Karani Mstaafu (#47)
"Asante kwa faili" si ushahidi wa ushirikiano, ni adabu. Mimi nisingebisha kabisa. Ningeuliza: "Naomba nitajiwe tukio au tarehe iliyosababisha alama hii, ili niweze kujibu na kurekebisha." Akiwa nalo, utalijua. Akiwa hana, swali lisilojibiwa litabaki kwenye faili.

Mpole wa Zamu (#48)
Lakini akiwa nalo na ni baya, si umemchokoza alichimbue?

Karani Mstaafu (#49)
Inawezekana. Hiyo apime mwenyewe, anajua mwaka wake ulivyokwenda.

Daftari la Jioni (#50)
Mrejesho, siku nane baadaye. Samahani kwa ukimya.

Nilisaini kwa yale maneno ya #6, nikaambatisha kurasa 2, jedwali, na imeili 10. Kwenye ile mistari minne niliandika "Tazama maelezo yaliyoambatishwa" tu. Nilimwonyesha bosi kabla ya kupeleka utumishi, dakika kumi. Alikaa kimya, akafungua folda, akafungua ripoti ya Februari, akaangalia imeili yake mwenyewe ya tarehe 10 Machi. Akasema, "Kumbe nilikuomba mimi."

Ripoti zimepanda hadi 3. Ushirikiano umebaki 2, na sasa kuna mfano: vikao viwili vya idara sikuhudhuria, Mei na Oktoba. Cha Mei nilikuwa likizo. Cha Oktoba sikumbuki. Jumla ni 3.0.

Jicho la Tatu (#51)
3.0 kamili, bila hata punje juu. Mnaona sasa? Wamemtoa kwa nukta.

Kalamu Nyekundu (#52)
Ungedai 4 leo una 3.4.

Karani Mstaafu (#53)
Au 2.6. Hongera dada. Umeomba barua au fomu mpya yenye alama zilizobadilishwa na saini ya bosi? Mabadiliko ya mdomoni yasiishie kwenye ngazi tena.

Daftari la Jioni (#54)
Nimeomba. Utumishi wamesema Ijumaa. Na hicho kikao cha Mei, nikijibu tena nitaonekana king'ang'anizi?

Bosi Mdogo (#55)
Fomu ya likizo unayo?

Daftari la Jioni (#56)
Ipo, na aliyeisaini ni yeye.

Nyuki Mkali (#57)
😂😂 Peleka!

Mpole wa Zamu (#58)
Ushapata 3.0, tulia kwanza upate karatasi ya Ijumaa.

Mzee wa Pembeni (#59)
Kwenye hicho kikao cha Oktoba hakukuwa na dereva?